Memo ya kubadilisha saa za kazi: aya moja, mistari yenye vichwa, au jedwali?

Nimechapa memo za ofisi kwa miaka mingi, kwanza Iringa na sasa Mbeya, na memo iliyowahi kunisumbua kuliko zote ilikuwa ya sentensi sita tu. Ilitoka Ijumaa, 27 Juni 2025, katika chama kimoja cha akiba na mikopo upande wa Uyole ambacho jina lake nalihifadhi. Ilisomeka hivi:

> YAH: MABADILIKO YA MUDA WA KAZI
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi unapenda kuwashukuru wafanyakazi wote kwa juhudi mnazoendelea kuzionyesha katika kuwahudumia wanachama wetu. Kama mnavyofahamu, kumekuwa na changamoto mbalimbali katika utoaji wa huduma, hususan nyakati za mchana. Kufuatia kikao cha menejimenti kilichoketi hivi karibuni, imeonekana ni vyema kufanya maboresho ya muda wa kazi. Hivyo basi, kuanzia Jumatatu ijayo muda wa kazi utakuwa saa 2:30 hadi 10:30. Mabadiliko haya hayatawahusu baadhi ya watumishi kulingana na majukumu yao.

Aliyeisoma Ijumaa ileile alielewa "Jumatatu ijayo" kuwa 30 Juni. Aliyeikuta ubaoni asubuhi ya Jumatatu alihesabu kuanzia hapo, akapata 7 Julai. Na 7 Julai mwaka ule iliangukia Jumatatu, yaani Sabasaba yenyewe, ofisi imefungwa. Meneja alikuwa anaiwazia wiki ya kwanza ya Julai bila kutazama kalenda.

Basi tarehe 30 wafanyakazi watatu wakaingia saa 2:30 na kuandikwa wachelewaji. Mlinzi wa mchana naye alijiona mmoja wa "wafanyakazi wote", akaja saa 2:30. Mwenzake wa usiku, ambaye zamu yake huisha saa 12 asubuhi, alisimama getini saa mbili na nusu zaidi akiwa amejifunga blanketi, na baridi ya Uyole ya mwezi wa sita mnaijua.

Nikapewa kazi ya kuiandika upya, tarehe, sababu na wasiohusika vitangulie. Nilitengeneza matoleo matatu. Yote yanaanza na mambo hayohayo, ila kwa maumbo tofauti, na kila umbo lina mahali linapofaa na mahali linapokwama. Kama wewe ndiye unayechapa kesho, huenda ulinganisho huu ukakusaidia kuchagua.

## Kabla ya kuchagua umbo

Nilipojaribu kupandisha mambo hayo juu niligundua kwamba mawili kati yake hayakuwapo kabisa. "Changamoto mbalimbali" haikuwa sababu, na "baadhi ya watumishi" halikuwa kundi. Katikati ya aya ndefu maneno hayo yanapita kimyakimya, lakini ukiyaweka kwenye mstari wa kwanza yanakuaibisha. Nikarudi kwa Meneja na kalamu.

"Mzee, baadhi ni akina nani?"

"Si unawajua? Walinzi, na yule keshia wa asubuhi."

"Na mama wa usafi? Akija saa 2:30 atafagia wanachama wakiwa ndani."

Akacheka. "Huyo naye. Muweke."

Mama anayenyonyesha nilimtaja mimi. Tunaye mmoja, na ana barua inayomruhusu kutoka mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumlisha mtoto ndani ya muda wa kazi. Ukisogeza saa za ofisi bila kumtaja, yeye na msimamizi wake watabishana barua ile bado inasimama au imefutwa. Jumamosi pia ilijitokeza hapohapo: saa 3 hadi saa 6 mchana, nayo haibadiliki.

Sababu alinipa kwa sentensi moja. Wanachama wengi wanatoka barabara ya Tukuyu, Isyonje, Isongole hadi Kiwira. Wakishapakia viazi na kupata gari, hawafiki Uyole kabla ya saa 3, na saa 9:30 tunapofunga foleni bado ipo. Hiyo ni sababu, na mtu anaweza hata kuipinga akitaka.

Tarehe tukaipeleka Jumanne, 8 Julai 2025, siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu.

## Vigezo nilivyotumia

Kila toleo nililipitisha kwenye majaribio manne. La kwanza ni simu: siku hizi mtu hupiga picha ubao na kuirusha kwenye grupu, kwa hiyo nilitazama kinachosomeka kabla ya kuvuta picha kwa vidole. La pili ni kusomewa: mlinzi wetu mmoja macho yanamsumbua, husomewa na mwenzake getini. La tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi: asiyehusika anajiona upesi kiasi gani, na anayehusika anajuaje kwamba hakusamehewa? La nne ni sahihi na faili, yaani mkubwa atakubali kuweka sahihi, na mtu atakayelifungua jalada baada ya miaka mitatu ataelewa?

Matoleo yote yalitumia kichwa kimoja, kwa sababu hiki hakina ubishi:

> YAH: SAA ZA KAZI KUWA SAA 2:30 ASUBUHI HADI SAA 10:30 JIONI KUANZIA JUMANNE, 8 JULAI 2025

"Mabadiliko ya muda wa kazi" haimwambii mtu kitu. Halafu tazameni "asubuhi" na "jioni" pale. Mashine ya alama za vidole mlangoni huonyesha 08:30 na simu za watu huonyesha 08:30, lakini sisi tunasema saa mbili na nusu. Nimewahi kuona memo iliyoandika "8:30 hadi 4:30" kwenye mstari mmoja na "saa 9:30 alasiri" kwenye mwingine, na mgeni wa ofisi akauliza kama tunafunga kabla ya kufungua. Chagua hesabu moja. Mimi nachagua ya Kiswahili, na kila saa naipa kipindi chake cha siku.

## Toleo la kwanza: aya moja inayobeba yote

> Kuanzia Jumanne, 8 Julai 2025, ofisi itafunguliwa saa 2:30 asubuhi na kufungwa saa 10:30 jioni, badala ya saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kwa sababu wanachama wengi wa barabara ya Tukuyu hufika baada ya saa 3 asubuhi na hadi tunafunga huwa hawajahudumiwa wote. Mabadiliko haya hayawahusu walinzi, keshia wa zamu ya asubuhi, mhudumu wa usafi, wala mama anayenyonyesha mwenye makubaliano ya maandishi. Saa za Jumamosi hazibadiliki.

Kwenye simu inasomeka wastani. Tarehe inaonekana mara moja kwa kuwa ndiyo maneno ya kwanza, lakini wasiohusika wako mstari wa nne au wa tano na picha ikipigwa kwa mbali wanafifia. Ukiinakili kama maandishi na kuituma, haiharibiki hata kidogo.

Kusomewa ndiko inakopendeza. Ni sentensi za mtu anayezungumza. Mlinzi alimsomea mwenzake mara moja, naye akarudia kwa maneno yake bila kukosea.

Asiyehusika kujiona: hapa kuna mpaka. Makundi manne sentensi inayabeba. Lilipojitokeza la tano, dereva anayepeleka fedha benki, sentensi ilianza kulegea, na kundi lililo katikati ya orodha likawa halionekani. Halafu kuna jambo ambalo aya hailisemi. Hawa hawahusiki, sawa, lakini wao wanakuja saa ngapi? Walinzi wana zamu zao na mama wa usafi ana saa 1:00. Keshia wa asubuhi anabaki kwenye saa za zamani, na ni keshia mmoja mmoja kwa kupokezana. "Hayawahusu" peke yake inatosha tu ikiwa kila mmoja tayari anajua ratiba yake.

Sahihi na faili: hii ndiyo wakubwa wanaikubali kirahisi, kwa sababu bado inafanana na barua. Hata hivyo Meneja aliniuliza, "Mama, shukrani zangu umezitupa?" Nikamwambia sijazitupa, nimezishusha. Ziko aya ya pili. Huku kwetu mtu hamvamii mwenzake na habari bila salamu, na sikubishana naye juu ya hilo. Lakini memo ya ubaoni inasomwa na mtu aliyesimama na mkoba begani.

Inamfaa mwenye ofisi ndogo, wasiohusika wachache na mkubwa anayependa barua ionekane barua.

## Toleo la pili: mistari yenye vichwa

> INAANZA: Jumanne, 8 Julai 2025. (Jumatatu, 7 Julai ni Sabasaba, ofisi imefungwa.)
>
> SAA MPYA: Saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.
>
> SABABU: Wanachama wengi wa barabara ya Tukuyu hufika baada ya saa 3 asubuhi na hadi tunafunga huwa hawajahudumiwa wote.
>
> HAIWAHUSU: Walinzi, keshia wa zamu ya asubuhi (saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri), mhudumu wa usafi (kuanza saa 1:00 asubuhi), mama anayenyonyesha mwenye makubaliano ya maandishi.
>
> HAIBADILIKI: Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana.

Kwenye simu hakuna toleo linaloishinda. Herufi nene zinashika jicho hata picha ikiwa na ukungu, na ikitumwa kama maandishi matupu vichwa vinabaki na nukta mbili zake. Ile ya Sabasaba kwenye mabano ingeisumbua aya ya kwanza. Hapa imepata kiti chake.

Kusomewa kunategemea msomaji. Wetu alisoma "inaanza Jumanne, haiwahusu walinzi" na kuruka sababu yote, kwa kuwa kila mstari unasimama peke yake na hakuna kinachomvuta kuendelea. Sababu ikirukwa, watu wanajaza ya kwao. Kufikia mchana ilikuwa imeshasemwa kwamba saa zimesogezwa kwa ajili ya baridi, kwa hiyo mwezi wa tisa joto likirudi tutarudi saa 1:30. Uvumi huo haukuwa mbaya, tena ulikuwa na akili, lakini ungetuletea mabishano mwezi wa tisa.

Asiyehusika kujiona ni rahisi, na mabano yanamwambia saa zake. Jambo lililonifurahisha ni kutenganisha HAIWAHUSU na HAIBADILIKI. Moja ni ya watu, nyingine ni ya siku. Memo nyingi huzichanganya, halafu mtu wa kawaida anajiuliza kama kutojumuishwa kwa Jumamosi kunamaanisha kwamba Jumamosi haji. Ukiandika toleo hili usiongeze mstari wa MENGINEYO. Niliujaribu, na kila mkuu wa kitengo alitaka kutia neno lake ndani.

Sahihi na faili: Meneja aliona linafanana na tangazo la mnada. Ana haki, limekauka. Dawa niliyotumia ni kuweka chini ya mistari hiyo aya mbili fupi za kawaida, shukrani ndani yake, kisha sahihi. Kwa jalada linafaa sana, kwani mtu wa baadaye anatafuta tarehe na kuipata bila kusoma.

Inamfaa mwenye watu wengi wanaopokea habari kwa grupu la simu, na mwenye wasiohusika kati ya watatu na sita.

## Toleo la tatu: sentensi moja, kisha jedwali

> Kuanzia Jumanne, 8 Julai 2025, saa za kazi zinabadilika kama ifuatavyo, ili wanachama wa barabara ya Tukuyu wanaofika baada ya saa 3 asubuhi wahudumiwe siku hiyohiyo.

| Nani | Hadi Ijumaa, 4 Julai | Kuanzia Jumanne, 8 Julai |
|---|---|---|
| Wafanyakazi wote wasiotajwa hapa chini | 1:30 asubuhi – 9:30 alasiri | 2:30 asubuhi – 10:30 jioni |
| Keshia wa zamu ya asubuhi | 1:30 asubuhi – 9:30 alasiri | Haibadiliki |
| Mhudumu wa usafi | Kuanza 1:00 asubuhi | Haibadiliki |
| Walinzi | Zamu za saa 12 | Haibadiliki |
| Mama anayenyonyesha | Kwa makubaliano ya maandishi | Haibadiliki |

Kwenye simu lina pande mbili. Picha yake inahitaji kuvutwa, kwa kuwa safu tatu kwenye karatasi ya A4 zinabana herufi. Ukilinakili kama maandishi ndipo linaanguka: safu zinamwagika na "Haibadiliki" zinafuatana bila wenyewe. Nililituma hivyo mara moja, kwa mtu mmoja, na alinipigia.

Kusomewa ni taabu. Hakuna anayesoma jedwali kwa sauti bila kupotea njiani.

Asiyehusika kujiona ndipo linapolipa deni zote. Kidole kinashuka kwenye safu ya kwanza na kusimama kwenye jina la kazi yako. Mstari wa kwanza, "wafanyakazi wote wasiotajwa hapa chini", ndio moyo wake. Bila maneno hayo afisa mikopo asiyejiona kwenye jedwali atasema hakutajwa. Dereva akiongezeka, unaongeza mstari mmoja na kingine hakiguswi. Ubaya wake ni kwamba kwa jicho, waliosamehewa wanne wanaonekana wengi kuliko kanuni yenyewe. Fundi kompyuta wetu alilitazama akasema, "Kumbe karibu kila mtu habadiliki," ilhali wanaobadilika walikuwa zaidi ya nusu ya ofisi.

Sahihi na faili: linasainiwa bila neno, labda kwa sababu jedwali lina sura ya kazi iliyofanywa. Sababu ndiyo hupata nafasi finyu, haina safu yake, kwa hiyo ibanwe kwenye ile sentensi ya juu. Ukiisahau huko, haitaonekana popote.

Inamfaa mwenye zamu nyingi, matawi, au vitengo vyenye saa tofautitofauti.

## Uchague kwa hali yako

Kama wasiohusika hawazidi wanne na kila mmoja anajua ratiba yake, aya moja inatosha, na utapata sahihi asubuhi hiyohiyo. Wakizidi hapo, au kama watu wako hawapiti ubaoni bali wanasubiri grupu, chukua mistari yenye vichwa, ila sababu iandike kwa sentensi iliyokamilika na umwombe anayeisambaza asiikate. Ofisi yenye tawi Tukuyu na jingine Tunduma, kila moja na saa zake, haina budi kutumia jedwali, lakini litume kama picha au faili, usilinakili.

Kuna mchanganyiko ambao ndio tuliobaki nao sisi: aya ya kwanza juu, jedwali chini yake, karatasi moja. Ulikubalika kwa sababu tulikuwa na getini msomaji na ndani wenye zamu. Kwingine ungekuwa maneno yaleyale mara mbili, na siku moja mtu angesahihisha tarehe juu na kuiacha ya zamani chini.

Kama mabadiliko ni ya muda, mathalani wiki ya Nanenane wafanyakazi wakiwa kwenye banda viwanja vya John Mwakangale, tumia mistari, na chini ya INAANZA weka INAISHA, nayo tarehe kamili.

Kama mabadiliko ni ya kudumu, kumbuka kwamba memo ya ubaoni haimalizi kazi kwa umbo lolote. Saa za kazi zimo kwenye maelezo ya ajira ya kila mtu, na sheria ile ya 2004 inamtaka mwajiri anayeyabadilisha ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe na amjulishe kwa maandishi. Toleo la pili ndilo rahisi kugeuza kuwa barua ya mtu mmojammoja: unaondoa mstari wa HAIWAHUSU, unaweka jina na saa zake.

Tangazo la wanachama pale getini liandike mbali na memo. Mwanachama aliyeshuka kwenye gari la Kiwira hana haja ya kujua habari za mhudumu wa usafi. Letu lilikuwa na mistari mitatu: tarehe, saa mpya, na kwamba dirisha la kuweka fedha litaendelea kufunguliwa saa 1:30 asubuhi.